Ngazi imekamilika, gololi hazipandi: utatuzi wa matatizo kwenye ubao wa nyota

Kwenye kijiwe chetu cha Mwanga, hapa Kigoma, ubao wa nyota hutolewa jua likishapoa. Ni ubao wa plaiwudi uliotobolewa na fundi seremala kwa umbo la nyota ya pembe sita, wa mchezo ambao Waingereza huuita Chinese checkers: anayewahi kuhamisha gololi zake zote hadi pembe ya ng'ambo ndiye mshindi. Gololi zilizopotea zimezibwa pengo na vizibo vya soda, na mabishano hayaishi. Lalamiko kubwa ni moja: mtu amepanga gololi zake vizuri, moja, nafasi, moja, nafasi, mpaka ng'ambo, lakini zamu ya kuruka ikifika hakuna inayoweza kupanda. Au inapanda moja tu, halafu nyingine zinabaki nyumbani zikitembea hatua moja moja mpaka mchezo unaisha.

Nachukulia kwamba kanuni unazijua. Kwa zamu moja gololi inasogea hatua moja kwenda kishimo jirani, au inaruka gololi iliyo jirani yake na kutua kwenye kishimo kitupu kilicho nyuma yake kabisa, kwenye mstari uleule ulionyooka. Ikishatua inaweza kuruka tena na tena ndani ya zamu hiyohiyo, kwa kugeuka upande wowote kati ya sita. Inayorukwa inaweza kuwa yako au ya mpinzani, na haitolewi ubaoni. Hatua na mruko havichanganywi katika zamu moja. Ngazi ni ule mpangilio wa gololi zinazorukwa, na kila gololi inayorukwa nitaiita kipago.

Ili tuelewane, kaa upande wako na uhesabu mistari ya mlalo kuanzia ncha ya pembe yako. Ncha ni mstari wa 1, una kishimo kimoja. Wa 2 una viwili, wa 3 vitatu, wa 4 vinne. Hapo pembe yako ya gololi 10 imeisha. Mstari wa 5 unapanuka ghafla kuwa na vishimo 13, kisha 12, 11, 10, na wa 9, ulio katikati ya ubao, una 9. Baada ya hapo vinaongezeka tena hadi 13 kwenye mstari wa 13, halafu pembe ya ng'ambo inaanza: 4, 3, 2, 1. Jumla ni mistari 17 na vishimo 121. Ndani ya mstari tutahesabu vishimo kutoka kushoto.

Kabla ya kutafuta tatizo, pima kwanza kama lipo. Kuhamisha gololi zote 10 kutoka pembe yako hadi ya ng'ambo ni safari ya mistari 120 ukijumlisha zote. Mwaka 1971 mtu aitwaye Octave Levenspiel alionyesha kwamba mchezaji aliye peke yake ubaoni anaweza kuimaliza kwa zamu 27, na baadaye ikathibitishwa kwa kompyuta kwamba chini ya hapo haiwezekani. Hiyo ni wastani wa mistari minne na ushee kwa kila zamu. Mbele ya mpinzani hutafika huko, lakini ukimaliza kwa zamu 60 maana yake umesogea mistari miwili kwa zamu. Huna ngazi hapo, unatembea kwa miguu.

Dalili: ngazi ipo, lakini gololi iliyo chini yake haipandi

Hili ndilo tatizo lenyewe, na kwa maoni yangu wachezaji wengi wazuri hawalijui chanzo chake. Wanaamini wamekosea kupanga vipago, wanavisogeza, na kosa linahamia kwenye gololi nyingine.

Tazama mruko unafanya nini. Ukiruka kwa mshazari unasonga mistari miwili kamili. Ukiruka kwa mlalo unabaki kwenye mstari uleule. Hakuna mruko wa mstari mmoja. Kwa hiyo gololi iliyo kwenye mstari wa 3 itaruka hadi wa 5, wa 7, wa 9, na hata iruke mara ngapi, mstari wa 6 haitatua. Gololi ya mstari wa 4 nayo itaona wa 6, wa 8, wa 10 tu. Namba ya mstari ikiwa witiri inabaki witiri, ikiwa shufwa inabaki shufwa. Kinachobadilisha ni hatua moja ya kutembea, na hatua hiyo inakula zamu nzima.

Hata ukisahau kuhesabu, ubao wenyewe unakuonyesha. Mistari ya witiri ina kishimo katikati kabisa. Mistari ya shufwa haina: katikati yake iko kati ya vishimo viwili. Tazama gololi yako, tazama kishimo unachotaka itue, kisha jiulize kama mistari yote miwili ina kishimo cha kati. Kama mmoja unacho na mwingine hauna, acha kuhangaika na vipago.

Sasa chukua mfano huu, na kama una ubao karibu upange. Umetoa gololi tatu za mstari wa 4, yaani cha 1, cha 3 na cha 4, ukaziweka mstari wa 6 kishimo cha 6, mstari wa 8 kishimo cha 5, na mstari wa 10 kishimo cha 5. Zote tatu ziko kushoto kidogo tu ya katikati, moja juu ya nyingine, na kati yake kuna mstari mmoja usio na kipago. Gololi ya kushoto ya mstari wa 3 nayo imeshakwenda mbele, pembeni, haituhusu. Nyumbani zimebaki sita: ya ncha, mbili za mstari wa 2, ya katikati na ya kulia za mstari wa 3, na kishimo cha 2 cha mstari wa 4.

Anza na ya ncha. Inaruka gololi ya kushoto ya mstari wa 2 na kutua mstari wa 3 kishimo cha 1. Inageuka kulia, inaruka ile ya mstari wa 4, inatua mstari wa 5 kishimo cha 7. Inageuka kushoto, inaruka kipago cha mstari wa 6, inatua mstari wa 7 kishimo cha 5. Kulia tena, juu ya kipago cha mstari wa 8, mpaka kishimo cha katikati ya ubao wote, mstari wa 9 kishimo cha 5. Kushoto tena juu ya kipago cha mstari wa 10, inatua mstari wa 11 kishimo cha 5. Miruko mitano, mistari kumi, zamu moja. Vipago vimesimama wima na gololi imepanda kwa kupinda kulia na kushoto.

Zamu inayofuata kuna mtego mdogo wa mpangilio. Gololi ya kulia ya mstari wa 3 haijagusana na ngazi, lakini inaweza kuruka kwa mlalo juu ya ile ya katikati na kutua kishimo cha 1, kisha ikafuata njia ileile ya ncha hadi mstari wa 9. Hapo itasimama, maana mstari wa 11 kishimo cha 5 kimeshakaliwa. Ukianza kwa kuiondoa ya katikati, hii ya kulia inakosa wa kumruka, na imebaki. Kwa hiyo ya kulia kwanza. Ya katikati inafuata: inaruka ya mstari wa 4, inatua mstari wa 5 kishimo cha 6, halafu mstari wa 7 kishimo cha 6, mstari wa 9 kishimo cha 4, mstari wa 11 kishimo cha 6. Vipago vilevile, lakini kila mara inatua upande ambao ile ya ncha haikutua.

Zamu tatu, mistari 10 na 6 na 8, jumla 24. Mpaka hapa mtu anajiona bingwa wa Kigoma nzima.

Halafu zimebaki tatu nyumbani: mbili za mstari wa 2 na moja ya mstari wa 4. Zote ziko kwenye mistari ya shufwa, na vipago vyako vyote vimo kwenye mistari ya shufwa. Hakuna hata moja inayoweza kupanda. Hapa ndipo kijana mmoja wa bodaboda aliinua mikono na kumwambia mzee aliyekuwa akimwangalia, "Mzee wangu, ngazi imekataa." Mzee hakusogeza kitu. "Haijakataa, mwanangu. Hao uliowabakiza hawakuwa abiria wake."

Dawa iko ya aina mbili, na uchaguzi ni wa hesabu. Unaweza kuzitembeza zile zilizobaki hatua moja kila moja ili ziingie kwenye mistari ya witiri, au unaweza kuhamisha vipago. Linganisha idadi. Hapa zimebaki gololi tatu, na vipago vilivyo mbele ni vitatu, lakini viwili vingine vya ngazi ni hizohizo gololi zinazotaka kusafiri. Kuhamisha ngazi hakulipi. Tembeza abiria.

Na utembeze kwa mpango. Gololi ya mstari wa 4 ndiyo kipago cha kwanza cha zile mbili za mstari wa 2, kwa hiyo ndiyo ya mwisho kuondoka. Ya kulia ya mstari wa 2 inapiga hatua moja hadi mstari wa 3 kishimo cha 2. Zamu inayofuata inaruka: mstari wa 5 kishimo cha 6, mstari wa 7 kishimo cha 6, mstari wa 9 kishimo cha 4. Ya kushoto inafanya hivyohivyo, ila itakwama mstari wa 7 kwa sababu mwenzake ameziba. Ya mstari wa 4 inamalizia. Zamu mbili kwa kila moja, badala ya zamu tatu hadi saba za kutembea. Ukiitoa ya mstari wa 4 mapema kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mlango, zile mbili za nyuma umezizika.

Lakini dawa ya kweli iko kwenye zamu za mwanzo. Hesabu pembe yako: mstari wa 1 na wa 3 zina gololi nne za witiri, na mstari wa 2 na wa 4 zina sita za shufwa. Ngazi ya mfano wetu ilijengwa na shufwa kubeba witiri, yaani kundi kubwa lilijenga ili kundi dogo lisafiri. Geuza. Vipago viwe kwenye vishimo vya katikati vya mistari ya witiri: wa 3, wa 5, wa 7, wa 9. Gololi ya katikati ya mstari wa 3 tayari iko mahali pake bila kuguswa. Ya pembeni ya mstari huohuo inaweza kuruka jirani yake wa mstari wa 4 na kutua moja kwa moja katikati ya mstari wa 5, kwa zamu ya kwanza kabisa ya mchezo. Weka vipago viwili zaidi, na gololi ya kushoto ya mstari wa 2, ikikuta kishimo cha 3 cha mstari wa 4 ni kitupu, inaondoka kwenye mstari wa 2 na kutua wa 10 kwa zamu moja. Nne zinajenga, sita zinasafiri. Ngazi ya namna hii siioni mara nyingi vijiweni, kwa sababu macho ya mtu yanavutwa kutoa kwanza gololi zilizo mbele, na zilizo mbele ni za mstari wa 4.

Dalili: mnyororo unakatika katikati

Mara nyingi sababu inaonekana kwa macho. Gololi mbili zimegusana kwenye njia ya mruko, basi hakuna pa kutua kati yake, na huo ni ukuta. Au kati ya mahali ulipotua na kipago kinachofuata kuna kishimo kitupu, basi huna jirani wa kumruka. Kuna meza, na kuna programu za simu, zinazoruhusu kumruka aliye mbali ikiwa nafasi mbele yake na nyuma yake zinalingana. Ulizeni kabla ya kuanza, maana ngazi nzuri ya kanuni moja ni takataka kwenye kanuni nyingine.

Kwenye mbao za kutoboa kwa mkono kuna sababu ya tatu: vishimo havikunyooka. Unaona vipago viko kwenye mstari mmoja, kumbe kimoja kimehama kishimo kizima. Pitisha ukingo wa kidole au kijiti juu yake uhakikishe.

Sababu yenye kuudhi ni mpinzani aliyekaa kwenye kishimo chako cha kutua. Hapa ngazi ya wima ina faida kubwa. Rudi kwenye mfano wetu: mpinzani akikaa katikati ya ubao, mstari wa 9 kishimo cha 5, njia ya gololi ya ncha imekufa, lakini njia ya gololi ya katikati inatua kishimo cha 4 na ipo salama. Amefunga upande mmoja tu. Tuma abiria wa upande mwingine kwanza, na usiharakishe kuvunja ngazi kwa hasira. Naye amekaa hapo bila kusogea mbele, na zamu hizo anazilipa yeye.

Dalili: ngazi inakupeleka kwenye pembe ya jirani

Anayejenga kwa mara ya kwanza hupenda mshazari mmoja ulionyooka, kwa sababu ni rahisi kuuona. Jaribu kuufuata hadi mwisho. Toka kishimo cha kulia kabisa cha mstari wa 4 na uende kwa mshazari wa kushoto bila kugeuka. Utafika mstari wa 13 kishimo cha 4, ndani ya pembe ya kushoto iliyo jirani na ile ya ng'ambo, na njia imeisha hapo. Ukianzia mahali pengine popote kwenye pembe yako, mambo ni yaleyale. Hakuna mshazari hata mmoja ulionyooka unaounganisha pembe yako na ile inayoitazama. Umbo la nyota ndivyo lilivyo.

Kwa hiyo ngazi lazima ipinde, na swali ni wapi. Mlango wa pembe ya ng'ambo ni mstari wa 14, wenye vishimo vinne tu. Kutoka ile kona ya kulia ya mstari wa 4 hadi mlangoni ni miruko mitano. Kati ya hiyo mitano, minne inaweza kwenda kushoto na angalau mmoja lazima uende kulia, na hapo utaingia kwa kishimo cha kushoto kabisa cha mlango. Ukianzia karibu na katikati, miruko ya kulia na kushoto inakaribia kulingana, ndiyo maana ngazi ya wima inafaa zaidi. Mshazari ulionyooka si haramu, utumie kwa miruko miwili mitatu ya kutoka nyumbani, halafu weka kipago cha kugeuzia mapema, kabla ya mstari wa 9. Ukikichelewesha mpaka mstari wa 12, utakiweka palepale ambapo gololi za mpinzani zinapita, na hutakikuta.

Dalili: mpinzani anapanda ngazi yako

Kipago hakina mwenyewe. Tena pembe ya ng'ambo ni sawa na yako ukiipindua: mistari ya 17 na 15 ni ya witiri yenye gololi nne, ya 16 na 14 ni ya shufwa yenye sita. Ngazi iliyobeba nne zako inaweza kubeba nne zake kurudi upande wako, na ile nzuri ya kubeba sita inabeba sita zake pia. Hakuna ngazi ya siri.

Unachoweza kudhibiti ni wakati. Mpinzani hapandi mpaka gololi yake iwe kwenye mojawapo ya vishimo vya kutua vya ngazi. Kabla ya kuachia gololi mwishoni mwa zamu yako, pita vishimo hivyo kwa macho, hasa vya upande wake, na ujiulize anavifikiaje. Akivifikia kwa mruko, anapanda zamu hii hii na huna la kufanya. Akivifikia kwa hatua tu, atatumia zamu moja kusogea na nyingine kuruka, na katikati hapo wewe una zamu moja ya kutumia ngazi au kutoa kipago. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea kuacha kipago cha mbele zaidi kuwa cha mwisho kuwekwa. Ngazi inayoishia mstari wa 8 inabeba watu wako hadi mstari wa 9 na bado haijagusana na wake.

Na upande wa pili wa jambo hili ni kwamba za kwake ni zako. Wachezaji wa hapa wanaotoka kwenye drafti wanachelewa kuzoea, maana kwenye drafti kete ya adui ni ya kuliwa. Hapa gololi ya mpinzani iliyosimama mstari wa 11 ni kipago ambacho hukukilipia zamu hata moja. Levenspiel alihitaji zamu 27 peke yake. Mwaka 1979 David Fabian alipata mchezo ambao wachezaji wawili wanasaidiana kwa makusudi, na mmoja wao anamaliza kwa zamu 15. Tofauti hiyo ya zamu 12 imetoka kwenye vipago vya mtu wa pili.

Dalili: gololi ya mwisho inazunguka mlangoni haiingii

Zimeshaingia tisa. Kishimo kilichobaki ni cha katikati ya mstari wa 15, na gololi ya mwisho iko mstari wa 13 kishimo cha 7, mbele yake kabisa. Ni witiri na witiri, kwa hiyo kanuni ya mistari inasema inawezekana. Lakini ukijaribu, hakuna mruko unaofika.

Hapa kanuni ya witiri na shufwa inahitaji nyongeza. Hata ndani ya mistari ya witiri kuna familia mbili, na za shufwa mbili, jumla nne. Vishimo vya mstari mmoja vinapokezana familia: hiki, kile, hiki, kile. Na kwenye mstari wa katikati unaoshuka kutoka ncha hadi ncha, vishimo vya kati vya mistari ya 1, 5, 9, 13 na 17 ni familia moja, na vya mistari ya 3, 7, 11 na 15 ni nyingine. Gololi inayoruka tu haiachi familia yake kamwe. Kama ubao ni wa kwenu, tia doa la rangi nne kwenye vishimo, mchezo mmoja tu na utaanza kuona bila doa.

Pembe ya gololi 10 ina tatu za familia moja, tatu za nyingine, tatu za nyingine, na moja peke yake: ile ya katikati ya mstari wa 3, iliyozungukwa na wenzake pande zote sita. Pembe ya ng'ambo ina mgawanyo huohuo, na kishimo chake cha pekee ni hicho cha katikati ya mstari wa 15. Kwenye mfano wa kwanza gololi ya katikati ilishika njia ambayo, ngazi ikirefushwa kwa vipago viwili vya mistari ya 12 na 14, inaishia palepale bila kutembea hata hatua moja. Ukiitumia kama mjenzi, au ukiipigisha hatua njiani, kishimo hicho kitangoja gololi nyingine ilipe hatua badala yake.

Kwa aliyekwama mlangoni sasa hivi: piga hatua ya mlalo hadi mstari wa 13 kishimo cha 6, na zamu inayofuata ruka gololi ya mstari wa 14 kishimo cha 2. Umetua. Au ingiza hiyo ya mstari wa 14 kwa hatua moja hadi katikati, kisha ile ya nje ichukue nafasi yake kwa hatua nyingine. Zote ni zamu mbili. Mimi huchagua ya pili mpinzani anapokuwa karibu na kishimo cha 6.

Kuna pia mkwamo ambao hautokani na hesabu: mpinzani ameacha gololi moja nyumbani kwake makusudi, na wewe huwezi kumaliza. Meza nyingi huamua kwamba vishimo vingine vyote vya pembe vikijaa, na hiyo ya mpinzani ikiwemo, umeshinda. Kubalianeni hilo gololi zikiwa bado kwenye kopo.